Bonasi ya mwisho wa mwaka kwa mnunuzi wa saruji wa jumla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tageti na inavyopimwa

Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi anayenunua saruji kwa malori kutoka kwa msambazaji mkuu au moja kwa moja kiwandani, kiwe cha Wazo, Tanga, Mtwara au Mbeya. Bei na viwango vilivyomo ni vya mfano, ili hesabu ifuatike. Tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50, na lori la tani 30 hubeba mifuko 600.

Bonasi ya mwisho wa mwaka inatofautianaje na punguzo la kwenye ankara?

Punguzo la kwenye ankara unalipata siku ileile unayonunua. Ukipunguziwa shilingi 100 kwa mfuko, umeshazipata, hata kesho ukihamia kwa msambazaji mwingine. Bonasi ni fedha unayoahidiwa: ukifikisha kiasi fulani ndani ya mwaka, utarudishiwa shilingi kadhaa kwa kila mfuko ulionunua. Kwa miezi 12 fedha yako inakaa kwa msambazaji bila riba, na usipofikisha kiasi hicho huipati kabisa.

Kwa hiyo msambazaji akikuambia uchague kati ya shilingi 150 za papo hapo na 200 za mwisho wa mwaka, usikimbilie ile kubwa. Kama una uhakika wa kufikisha tageti na una mtaji wa kutosha, 200 zina maana. Kama unazungusha mtaji kwa mkopo wa benki, au tageti ni ya kubahatisha, chukua 150. Mimi hupenda kugawanya: sehemu ije kwenye ankara, sehemu ibaki bonasi. Wasambazaji wengi hukubali ukiwaomba mapema, kabla bajeti yao ya mwaka haijafungwa. Novemba ndiyo wakati wa kuanza kuzungumza.

Msambazaji ameniwekea tageti kubwa kuliko mauzo yangu. Nijibuje?

Kwanza jua imetoka wapi. Mara nyingi meneja mauzo amepewa tageti yake na kampuni, akaigawa kwa wateja wake. Mwaka jana ulinunua tani 1,800, naye anakuja dukani kwako anasema, "Mzee wangu, mwaka huu tumekuwekea tani 2,400." Hiyo ni nyongeza ya theluthi nzima, na hakuna ajuaye wateja wa kununua hizo tani 600 watatoka wapi.

Usibishane naye kwa maneno. Mtolee stetimenti zako za miaka miwili au mitatu, mwezi kwa mwezi. Muoneshe masika ya Machi hadi Mei mauzo yanavyolala, na kuanzia Juni yanavyoamka. Kisha mwambie: "Kaka, 2,400 sikatai, ila iwe ngazi ya juu. Ngazi ya kwanza ianzie 1,800 ninazozifikia, katikati tuweke 2,100." Hapo hujamkatalia tageti yake, bali umejiwekea mahali pa kusimama hata mwaka ukiwa mbaya.

Na ukiomba, uwe na cha kumpa. Anachokithamini zaidi ni oda za lori zima, makadirio ya mahitaji yako mwanzoni mwa kila mwezi, na malipo yasiyochelewa. Hivi vinampunguzia gharama kwelikweli, kwa hiyo vina uzito mezani kuliko kumwambia kwamba wewe ni mteja wake wa miaka mingi.

Tumekubaliana ngazi tatu na viwango vyake. Je, hayo yanatosha?

Hayatoshi. Kuna swali moja lenye fedha nyingi kuliko kiwango chenyewe: ukifika ngazi ya juu, kiwango chake kinahesabiwa kuanzia mfuko wa kwanza wa mwaka, au kwa mifuko iliyozidi ngazi hiyo tu?

Tuseme ngazi ni hizi: ukifikisha tani 1,800 ni shilingi 100 kwa mfuko, 2,100 ni shilingi 200, 2,400 ni shilingi 300. Umemaliza mwaka na tani 2,400 kamili, yaani mifuko 48,000.

Kama ni kuanzia mfuko wa kwanza, unazidisha 48,000 kwa 300, unapata shilingi 14,400,000.

Kama ni kwa mifuko iliyozidi tu, mifuko 36,000 ya mwanzo haina kitu. Mifuko 6,000 iliyofuata, kutoka tani 1,800 hadi 2,100, inalipwa 100 kila mmoja, yaani 600,000. Mifuko 6,000 mingine hadi tani 2,400 inalipwa 200, yaani 1,200,000. Kile kiwango cha 300 bado hakijaanza. Jumla unapata 1,800,000.

Barua ni ileile, ngazi ni zilezile, na tofauti ni mara nane. Nimeona barua za bonasi zenye jedwali zuri la ngazi ambazo hazina hata neno moja la kueleza jambo hili. Omba sentensi iandikwe: "Kiwango cha ngazi iliyofikiwa kitatumika kwa mifuko yote iliyonunuliwa mwaka huo, kuanzia mfuko wa kwanza." Akikataa, si mwisho wa mazungumzo, ila sasa unajua kwamba 300 yake si 300, na una sababu ya kudai viwango vya juu zaidi.

Tageti ipimwe kwa tani au kwa shilingi?

Kwa saruji, mimi husimama kwenye tani. Mfuko ni mfuko, na pande zote mbili zinaweza kuuhesabu. Shilingi hubadilika na bei. Bei ikipanda katikati ya mwaka, tageti ya shilingi inakuwa rahisi kwako. Ikishuka, unauza mifuko ileile na tageti inakukimbia. Na anayepanga bei si wewe.

Kama msambazaji anang'ang'ania shilingi, uliza mara moja: ni pamoja na VAT au kabla ya VAT? Chukua tageti ya shilingi milioni 700 na mfuko wa shilingi 14,000 kabla ya kodi. Ukihesabu kabla ya VAT, unahitaji mifuko 50,000. Ukihesabu pamoja na VAT ya asilimia 18, mfuko ni 16,520, na unahitaji mifuko kama 42,370 tu. Zaidi ya tani 380 zimejificha ndani ya neno moja ambalo halikuandikwa. Uliza pia kuhusu nauli. Kama unanunua kwa bei ya kufikishiwa, msambazaji anaweza kuiondoa sehemu ya usafiri wakati wa kuhesabu, na kama hukuliweka wazi hili mwanzoni utalisikia Januari.

Mzigo unahesabika siku ya oda, siku ya kulipa, siku ya ankara au siku ya kupokea?

Hapa ndipo mimi niliumia, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Mwaka mmoja ngazi zangu zilikuwa hizohizo za 1,800, 2,100 na 2,400, zote kuanzia mfuko wa kwanza. Krismasi ilipopita nilikuwa na tani 2,385. Nikaagiza lori moja la tani 30 tarehe 27 Desemba na kulilipia benki tarehe 28. Kiwandani foleni ya malori ilikuwa ndefu. Lori lilipakia usiku wa kuamkia mwaka mpya, ankara ikatoka tarehe 1 Januari, mzigo ukashuka stoo kwangu tarehe 2. Mimi moyoni nilikuwa nimeshamaliza mwaka na tani 2,415.

Stetimenti ya msambazaji ilipokuja, safu ya mwisho ilisomeka 2,385. Mfumo wao wa hesabu ulichukua tarehe ya ankara. Kwa tani 2,385, yaani mifuko 47,700, kiwango kilikuwa 200, nikalipwa 9,540,000. Kwa tani 2,415, yaani mifuko 48,300, kingekuwa 300, na ningepata 14,490,000. Lori moja lililosimama kwenye foleni lilinigharimu shilingi 4,950,000. Barua yetu ilisema "manunuzi ya mwaka" bila kufafanua, na wao hawakuvunja neno lolote lililoandikwa.

Tangu hapo nadai tarehe ya malipo kwa mizigo ninayoilipia kabla ya kupakia, kwa sababu ni tarehe iliyo mikononi mwangu na benki inaithibitisha. Kwa mizigo ya mkopo nakubali tarehe ya ankara, lakini naongeza kwamba oda yoyote iliyopokelewa kabla ya tarehe 20 Desemba itahesabiwa mwaka huo hata ikipakiwa Januari. Tarehe ya kupokea stoo usiikubali, labda usafiri uwe wako mwenyewe.

Ni mizigo gani isiyohesabika?

Uliza, na ufanye jibu liandikwe. Kuna vitu vitatu vya kuangalia hasa.

Cha kwanza ni daraja la saruji. Kuna 32.5 ambayo mafundi huitumia sana kwa kujengea na kupiga plasta, na 42.5 inayotafutwa kwa zege la nguzo na slabu. Barua nyingine huhesabu daraja moja tu, na wewe unauza yote mawili.

Cha pili ni mizigo ya miradi. Umepata mkandarasi, ukamwombea bei maalumu kwa msambazaji, na lori likaenda moja kwa moja saiti bila kupitia dukani kwako. Msambazaji atasema hiyo ilishapewa punguzo lake, haihesabiki. Hapa kuna njia ya kati ambayo mara nyingi hukubalika: tani za mradi zihesabiwe kukusogeza kwenye tageti, ila zenyewe zisilipwe bonasi. Kwa mwenye ngazi zinazolipa kuanzia mfuko wa kwanza, hilo peke yake lina faida kubwa.

Cha tatu ni mifuko iliyorudishwa kwa kuchanika au kuganda. Ni haki itolewe kwenye hesabu, lakini mifuko uliyopewa kufidia hiyo iliyoharibika nayo ihesabiwe. Nimeona ikitolewa ya kwanza na kusahauliwa ya pili.

Kama una maduka mawili, tuseme la Morogoro mjini na la Kilosa, na kila moja lina namba yake ya mteja kwa msambazaji, hakikisha barua inazitaja namba zote mbili na kusema zinajumlishwa.

Kiwanda kikisimama au saruji ikiadimika, tageti yangu inakuwaje?

Bila kifungu, inabaki palepale. Tanuri la kiwanda husimamishwa kwa matengenezo, wakati mwingine kwa wiki kadhaa, na kipindi hicho wewe unalipia mzigo na kusubiri huku wateja wako wanahamia kwa jirani anayeuza chapa nyingine. Mwisho wa mwaka unaambiwa umepungukiwa tani 100.

Kuna namna mbili za kujikinga. Ya kwanza: oda iliyolipiwa ambayo haikupakiwa ndani ya siku saba ihesabiwe kama imenunuliwa, hata ukilazimika kuifuta na kurudishiwa fedha. Wasambazaji huiogopa hii, kwa sababu mteja mjanja anaweza kuagiza wakati wa uhaba akijua hatapewa. Ya pili ni rahisi zaidi kukubalika: tageti ipunguzwe kwa wiki zilizokosa mzigo. Tani 2,400 kwa wiki 52 ni kama tani 46 kwa wiki. Wiki tatu zikikosa mzigo, toa 138, ngazi ya juu inashuka hadi 2,262, na ngazi nyingine zinashuka kwa uwiano huohuo. Kama uhaba umeangukia msimu wa mauzo makubwa, wastani huo unakupunja. Dai itumike idadi ya tani ulizonunua wiki zilezile za mwaka uliotangulia.

Kwa namna yoyote utakayochagua, weka ushahidi siku hiyohiyo. Tuma oda kwa maandishi hata kama umeambiwa kwa simu kwamba mzigo hakuna. Oda ambayo hukuituma kwa sababu ulijua jibu lake haiwezi kukutetea.

Sheria inasemaje kuhusu makubaliano ya mdomo?

Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haibatilishi makubaliano kwa sababu tu ni ya mdomo. Kazi iko kwenye kuthibitisha. Meneja mauzo aliyekuahidi anaweza kuhamishwa Machi, na atakayekuja hatajua mliongea nini. Omba barua yenye kichwa cha kampuni, iliyosainiwa na mwenye mamlaka ya kuidhinisha bonasi. Ahadi ya ofisa mauzo peke yake haitoshi.

Kifungu cha kupimia hakihitaji kuwa kirefu. Huu ni mfano wa namna ninavyokiandika:

"Tageti itapimwa kwa tani za saruji ya daraja lolote zilizonunuliwa kwa namba za mteja zilizotajwa hapa, kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba. Mzigo uliolipiwa kabla ya kupakiwa utahesabiwa kwa tarehe ya malipo. Mzigo wa mkopo kwa tarehe ya ankara. Tani za miradi zitahesabiwa kwenye tageti lakini hazitalipwa bonasi. Kiwango cha ngazi iliyofikiwa kitatumika kwa mifuko yote inayostahili bonasi, kuanzia mfuko wa kwanza wa mwaka."

Nifanye nini ili hesabu zetu zisigongane Januari?

Zilinganisheni kila mwezi. Ifikapo tarehe 10, msambazaji akutumie jumla ya tani za mwezi uliopita na jumla ya tangu mwaka uanze. Wewe uwe na daftari au jedwali lako lenye namba ya ankara, tarehe ya malipo, tarehe ya ankara, tani na daraja. Ukikuta tofauti, itafute wakati kumbukumbu bado ni mbichi na dereva aliyeleta mzigo bado anakumbuka. Mkikubaliana, jibuni kwa baruapepe: "Hadi 30 Juni, tani 1,140, tumekubaliana." Mistari 12 ya namna hiyo ina nguvu kuliko faili zima la ankara.

Tofauti zinazotokea mara nyingi zaidi ni mizigo ya siku za mwisho za mwezi, na ankara iliyofutwa kisha ikatolewa upya, ambayo upande mmoja umeihesabu mara mbili.

Bonasi inalipwaje, na lini?

Mara nyingi hailipwi taslimu. Unapewa krediti noti, yaani hati inayopunguza deni lako au inayotumika kununulia mzigo unaofuata. Hilo si baya ukiwa unaendelea kununua. Andika tarehe ya mwisho ya kuitoa, tuseme 31 Januari, na kwamba ukiacha kufanya naye biashara utalipwa kwa benki.

Kwa aliyesajiliwa VAT, kumbuka kwamba krediti noti inayopunguza bei ya mzigo ulionunua hupunguza pia VAT ya manunuzi uliyokwisha kuidai, kwa hiyo mpe mhasibu wako mwezi huohuo. Hakikisha pia barua inasema kama shilingi 300 kwa mfuko ni kabla ya VAT au pamoja nayo.

Soma kwa makini sharti la kuchelewa kulipa. Barua nyingine zinasema ankara moja ikipitisha siku zake, bonasi yote ya mwaka inafutika. Kuchelewa siku mbili kwa sababu benki ilikuwa na hitilafu hakulingani na kupoteza milioni 14. Omba sharti liwe kwamba mifuko ya ankara iliyochelewa ndiyo itakayokosa bonasi, na uwepo muda wa nyongeza wa siku saba.

Imefika Desemba, nimebakiza tani 120. Ninunue nijaze tageti?

Fanya hesabu kabla ya kupiga simu. Ukiwa na tani 2,280, yaani mifuko 45,600 kwa kiwango cha 200, bonasi yako ni 9,120,000. Ukifika 2,400, ni 14,400,000. Nyongeza ni 5,280,000 kwa kununua mifuko 2,400, yaani shilingi 2,200 kwa kila mfuko wa nyongeza. Inaonekana tamu, na ndiyo sababu mwezi huo wauzaji wa jumla hutupa saruji sokoni kwa hasara.

Hapo kuna mambo mawili ya kupima. Moja ni stoo. Saruji haipendi kukaa, hasa kwenye unyevu wa Dar es Salaam au Tanga. Baada ya kama miezi mitatu nguvu yake imepungua na mifuko ya chini imeanza kuganda. Kama kawaida yako Januari na Februari unauza tani 250, basi tani 120 za ziada zitaisha kabla hazijaharibika, mradi zikae juu ya mapaleti, mbali na ukuta. Kama unauza tani 40, usinunue.

La pili ni bei yako sokoni. Ukishusha shilingi 1,500 kwa mfuko ili kumaliza hizo tani 120, wateja wako wa rejareja wataidai bei hiyo Februari, na jirani yako naye atashusha. Bora umpigie meneja mauzo mapema, wiki ya kwanza ya Desemba, umwambie ukweli: "Kaka, nimebakiza tani 120. Nitanunua 60 mwaka huu. Hizo 60 nyingine nikuwekee oda ya Januari, mnihesabie ngazi ya juu." Naye ana tageti yake ya kufunga tarehe 31, na anahitaji hizo 60 pengine kuliko wewe. Akikubali, mwambie akuandikie kabla hujalipia lori la kwanza.